Eti mteja wangu "hajui kukliki"!! Fundi wa mtandao hapa Tanga leo kanivua nguo mchana kweupe

BintiRaskazone
Wana Tanga mpo? Nina hasira hapa nikishika chai inachemka tena. Simtaji jina, mnamjua wote, yule wa kofia, ukitoka sokoni Ngamiani unasikia sauti yake kabla hujaliona duka. Nilimlipa anitengenezee sahihi ya chini ya imeili, jina, simu na linki ya tovuti, sisi tunapeleka wageni Amboni na Pangani, mgeni akisoma barua abonye aone bei basi. Leo mgeni wa Ujerumani kanijibu kwamba linki yenu ya bluu, ina mstari chini, lakini nikiibonya haifanyi kitu. Nikaenda dukani kistaarabu kabisa, salamu zote, nikamwonyesha. Jamani. Mbele ya watu wamejaa pale, mbele ya watoto wa shule wanaotoa fotokopi, ananiambia "dada, linki ni nzima, mteja wako ndio hajui kukliki".

HAJUI KUKLIKI. Mtu kakata tiketi ya ndege mwenyewe mtandaoni, kaja mpaka Tanga, hajui kukliki! Pale dukani wakacheka mpaka mashine ya fotokopi ikacheka. Na pesa yangu kala.

Kidevu_Chumbageni
Pole shoga, huyo mwenzio aliniambia printa yangu ina majini

MchunaMkonge
Mimi naona tatizo ni Outlook. Outlook inatumia Word ndani yake kuonyesha barua ndio maana linki zinaharibika. Mwambie mgeni afungue kwenye Gmail

BintiRaskazone
Mgeni yuko Gmail kaka. Na hata angekuwa wapi, ndio nimwambie mteja ahame? Nimwandikie "samahani, fundi wetu kasema hujui kukliki"?

MzeeWaSeva
Binti, tupunguze moto kidogo. Fungua Gmail ya mtu yeyote uliyemtumia barua, kwenye kompyuta, bonya vile vidoti vitatu pembeni ya barua, chagua Show original, halafu tafuta neno href. Nakili huo mstari tu uulete hapa, jina la tovuti lifiche. Ukiona =3D usishtuke, ndivyo alama ya = inavyosafirishwa.

BintiRaskazone
Haya nimepata, nimeweka example badala ya jina letu

```
<a href=3D"www.example.com">Tembelea tovuti yetu</a>
```

Na huyu ndiye aliyesema mteja hajui kukliki, mbele ya watoto wa shule

MzeeWaSeva
Mwizi huyo hapo. Hakuna https:// mwanzoni. Ukiandika www peke yake ndani ya href, kompyuta haijui kwamba hiyo ni anwani ya mtandao, inadhani ni jina la faili lililo jirani na ukurasa uliofunguliwa. Kwenye tovuti ina pa kwenda kutafuta japo itakosa, ila barua haina jirani. Sasa programu nyingine zina huruma zinaongeza zenyewe, nyingine zinaiacha imekufa hivyo hivyo na rangi yake ya bluu. Kwa hiyo mteja mmoja atakwambia inafunguka na mwingine haifunguki na wote wanasema kweli.

PwezaMkavu
Lakini mimi huwa naandika www tu kwenye barua na inafunguka kila siku, sasa hapo unatuchanganya mzee

MzeeWaSeva
Wewe unaiandika kama maneno ya kawaida. Hapo programu inayoandika au inayosoma inaona www inakutengenezea linki yenyewe, na http:// au https:// ya mwanzoni inaweka yenyewe. Huyu kaandika kodi kwa mkono, na ukishaandika href kwa mkono hakuna anayekusahihisha. Nadhani ndivyo alivyojaribu dukani kwake, akajitumia www tupu, ikafunguka, akaona kamaliza.

BintiRaskazone
Kwa hiyo ALIJUA kwamba hajajaribu kitu chenyewe halafu anasema mteja hajui kukliki??

MchunaMkonge
Basi si uondoe tu hiyo HTML. Unatumia Thunderbird? Nenda Account Settings, kwenye sehemu ya Signature text toa tiki ya Use HTML. Maisha yanaendelea

BintiRaskazone
Nimetoa tiki, nimemtumia mdogo wangu, sasa sahihi yangu inaanza na mabano na href na alama za kufunga na kufungua, kodi yote nje nje kama utumbo. Mchuna wewe na yule wa kofia mmezaliwa nyumba moja?

MchunaMkonge
Unatoa tiki HALAFU unaandika upya maneno matupu, sio unaacha kodi mle ndani. Dada una hasira husomi

Kidevu_Chumbageni
Mchuna kakasirika sasa 😂 hata yeye hajui kukliki

MzeeWaSeva
Mchuna yuko sawa nusu. Sahihi ya maandishi matupu ni salama, unaandika anwani nzima na https:// mbele kwenye mstari wake peke yake, na nukta usiigandishe mwishoni maana kuna programu zinaimeza ndani ya linki. Haipendezi lakini haifi. Ukitaka yenye sura nzuri rudisha tiki ya Use HTML, futa ya zamani uweke hii:

```
<a href="https://example.com" style="color:#00695c"><span style="color:#00695c">example.com</span></a>
```

Rangi nimeiweka mara mbili makusudi. Ile Outlook ya zamani ya Windows kweli inachora barua kwa mtambo wa Word, tangu ya 2007, na Word hupenda kukurudishia bluu yake, ukiirudia kwenye span ya ndani inatulia. Hilo ndilo la Outlook, ni suala la sura, sio la linki kufa. Mstari wa chini mimi siutoi, watu wanautambua. Na maneno yanayoonekana yawe anwani yenyewe, sio "Tembelea tovuti yetu", kwa sababu barua ikigeuzwa maandishi matupu huko iendako, mtu bado anaiona na anaweza kuiandika mwenyewe.

Ukimaliza usijitumie mwenyewe. Tuma kwa mtu wa Gmail, mtu wa Outlook na mtu wa aifoni, kila mmoja aibonye na akutumie picha ya kilichofunguka.

BintiRaskazone
Mdogo wangu kaibonya kwenye Gmail, imefunguka, bei zote zinaonekana. Mabano mawili na herufi chache mzee kanipa bure, na yule kala hela yangu akanitangazia mteja wangu hajui kukliki!

Dada_wa_Pongwe
Na ya WhatsApp je? Mimi nimeweka wa.me na namba yangu inayoanza na sifuri, watu wanasema namba haipo

MzeeWaSeva
Toa sifuri, weka 255, bila alama ya kujumlisha wala nafasi:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX
```

PwezaMkavu
Mzee, kwangu simu ikiwa kwenye hali ya giza rangi ya linki inabadilika inakuwa kama maji ya bahari machafu, dawa yake nini?

Dada_wa_Pongwe
255 imekubali, Mungu akubariki. Yule aliyeniwekea sifuri ni huyo huyo wa kofia

Kidevu_Chumbageni
Subiri, kumbe na wewe? Mimi sahihi yangu yote kaitengeneza picha moja, jina, simu, tovuti, kila kitu ni picha. Mteja hawezi hata kunakili namba

MchunaMkonge
Picha ndio kisasa, mnalalamika sana

Kidevu_Chumbageni
Kisasa gani, kwa watu walioziba picha kwenye barua zao inatokea boksi jeupe. Nilituma bei ya samani kwa taasisi wakaniuliza wewe ni nani

PwezaMkavu
Hali ya giza jamani, nimeuliza

Dada_wa_Pongwe
Kidevu printa yako ilipona lakini? Yangu kaishikilia tangu kabla ya Ramadhani, kila nikienda anasema inasubiri spea kutoka Dar