Naomba ushauri: viashiria vinanipa wastani sahihi, ila mtawanyiko unakataa

Wakuu, habari. Nimekwama kwenye lile swali la barua 3 zinazotiwa ovyo kwenye bahasha 3 zenye majina. Tunatafuta wastani wa barua zitakazoangukia bahasha zake.

Kila barua nimeipa kiashiria: 1 ikipatia, 0 ikikosea. Wastani wa kiashiria ni uwezekano wake tu, yaani 1/3. Nikijumlisha vitatu napata 1. Nimehakikisha kwa mkono: mipangilio ni 6, na idadi za kupatia ni 3, 1, 1, 1, 0, 0. Jumla 6, gawanya kwa 6, ni 1. Safi kabisa, ingawa barua hizi zinategemeana (mbili zikipatia, ya tatu haina pengine pa kwenda ila bahasha yake).

Tamaa ikanipeleka kwenye mtawanyiko. Nikajumlisha 1/3 × 2/3 mara tatu, nikapata 2/3. Kwa kuhesabu mipangilio yote, wastani wa miraba ni 12/6 = 2; toa 1, jibu ni 1. Nahisi kosa ni hili: uwezekano wa barua mbili maalumu kupatia pamoja ni 1/6, mimi nimeuchukulia kama 1/9.

Je, nipo sahihi kwamba kujumlisha wastani hakuhitaji uhuru, lakini miraba inadai angalau uwezekano wa jozi? Na kwa kuponi za aina 6 zikichotwa 10 kwa kurudisha, wastani wa aina tofauti nimeandika 6(1 − (5/6)^10), kama 5.03. Mtawanyiko wake nao niushike kwa jozi vivyo hivyo?