Uongozi wa shule, meseji kwa wazazi si risala ya mgeni rasmi!

BabaBweni: Wakuu, nimechoka. Shule ya mwanangu imetuma meseji inayoanza hivi: "Uongozi wa shule unayo furaha isiyo kifani kuchukua fursa hii adhimu kukusalimu wewe mzazi mpendwa na kukushukuru kwa ushirikiano wako usiotetereka..." Inaendelea kusifu matokeo, kamati na walimu. Mwisho kabisa ndipo unakuta hiki: "kwa kuzingatia yaliyotajwa hapo juu, zoezi la kuwachukua wanafunzi litafanyika Ijumaa 12/6 badala ya Jumamosi. “Tung’are Pamoja”."

Namba waliyonayo shuleni ni ya mama yangu, na anatumia kitochi. Vipande vya mwanzo viliingia, vya mwisho vikachelewa hadi usiku. Alichosoma ni pongezi tupu. Mtoto kabaki bwenini na mlinzi mpaka magharibi! Nilipolalamika nikaambiwa "mzazi, taarifa ilitumwa". Imetumwa wapi, kwenye kipande cha saba? Na kwamba geti linafungwa saa 8 mchana hawakuandika kabisa.

Chapwa_Kazi: Pole mkuu. SMS ni herufi 160, basi. Wafute salamu zote, waandike "Mchkue mto2 Ijumaa 8:00". Mambo kwisha.

Karani_Mstaafu: Hapana, ndugu yangu. Hiyo 8:00 nusu ya wazazi watafika asubuhi na wengine mchana. Andika "saa 8 mchana" hata ikila nafasi. Na "mto2" ukimtumia mzee wa watu atadhani ni matapeli wa "tuma kwenye namba hii".

Nimetuma meseji za jumla kwa miaka, kwa hiyo niseme na hiyo 160. Nafasi na nukta nazo zinahesabiwa. Ukizidisha, meseji inakatwa vipande vya herufi 153, maana kila kipande kinabeba alama ya kukiunganisha na wenzake. Simu inasubiri vipande vyote ndipo iunganishe. Vitochi vingine vinaonyesha vilivyofika tu.

Ila tazama hiyo kaulimbiu yao. Alama za kunukuu zilizopinda na kile kikoma cha "Tung’are" zimetoka kwenye Word. Zile zilizonyooka hazina shida, lakini moja tu iliyopinda ikiingia, meseji nzima inashuka hadi herufi 70, na ikigawanywa kila kipande ni 67. Meseji yenu ikiwa na herufi kama 480, ingekuwa vipande 4. Kwa kaulimbiu ile imekuwa 8. Na kila kipande kinalipiwa, kwa kila mzazi. Dalili yake ni kwamba kihesabu cha herufi kwenye mtandao wa kutuma meseji kinaruka ghafla ukibandika.

Dogo_Mbagala: Hata mimi! Kila siku nashinda mamilioni ya kubeti na sijawahi kubeti. Nazizuiaje hizo meseji za matapeli?

Karani_Mstaafu: Hiyo ni mada nyingine, mdogo wangu. BabaBweni, mimi ningeandika hivi:

"Ndugu mzazi, habari. Shule inafungwa Ijumaa 12/6, si Jumamosi. Tafadhali mchukue mtoto kabla ya saa 8 mchana. Ukikwama piga 07xxxxxxxx. Asante."

Herufi 143. Jina la shule sikuliweka kwa sababu linaonekana juu kama mtumaji, na pale kikomo ni herufi 11. Lakini meseji ya jina la namna hiyo haijibiki, ndiyo maana namba ya simu lazima iwepo. Nimeweka "si Jumamosi" kwa makusudi: aliyeshika tarehe ya zamani asipoiona ikikanushwa, atadhani zipo siku mbili.

MamaMlezi: Mimi namlea mtoto wa marehemu dada yangu. "Ndugu mzazi" huwa nadhani hainihusu. Halafu mama wa huyu bwana aandikiwe "habari" na mwalimu kijana? Si adabu.

Chapwa_Kazi: Waandike shikamoo basi.

MamaMlezi: Kwa kila mtu? Wapo wazazi wadogo kuliko walimu.

Karani_Mstaafu: Dada, kwenye mlezi umenishika. "Ndugu mzazi/mlezi, salaam." Inakuwa 149, bado ni moja.

BabaBweni: Mama hapa anasema salaam ni ya barua za ofisini, heri habari. Nitampelekea mhasibu hiyo ya herufi 149 pamoja na hesabu ya vipande 8. Mwalimu mkuu atang'ang'ania kaulimbiu yake.

Karani_Mstaafu: Aiweke kwenye barua anayobeba mtoto. Na mwulize kama wa kutwa nao walitumiwa, maana hao hawana bweni la kuchukuliwa.

BabaBweni: Walitumiwa. Jirani yangu alikwenda getini Ijumaa kumchukua binti ambaye alikuwa nyumbani amelala.