Naomba ushauri: ujumbe kwa ndugu kuhusu pesa ninazotuma

Habari zenu wakuu. Nafanya kazi nje ya nchi, na ndugu zangu nawapenda. Shida ni kwamba kila mmoja ananiomba kivyake, hajui kuwa wiki hiyohiyo wengine wameshaomba. Natuma kidogokidogo, ada ya kutuma inakatwa kila mara, na mwisho wa mwezi kodi ya nyumba inanishinda.

Nimeandika hivi, naomba mnisomee kabla sijatuma:

"Shikamooni wazazi wangu, na ndugu zangu habari zenu. Kuanzia mwezi ujao nitatuma mara moja tu, nikishapokea mshahara. Pesa yote itafika kwa mama, ya matumizi ya nyumbani na dawa za baba. Ada ya shule nitalipa moja kwa moja shuleni, na mgonjwa akilazwa nitalipa hospitalini kadiri ya uwezo wangu. Mikopo na mitaji ya biashara sitaweza. Nikisema sina, naomba mniamini, sijawatupa."

Kiasi sijakitaja makusudi, maana nikikitaja watu wataanza kupiga hesabu ya mshahara wangu. Ninachohofia zaidi ni mama: pesa yote ikipitia kwake, lawama zitamhamia yeye, na kukataa hawezi.

Je, nimpe dada mkubwa jukumu hilo? Na ujumbe niuweke kwenye kundi la familia, au niwapigie simu wazee kwanza wasije wakaona nimewavunjia heshima?