Mjadala: Giza la usiku na nyota zisizohesabika

Muulizaji: Kama nyota hazina idadi na zimetapakaa kila upande, kwa nini anga la usiku ni jeusi? Je, weusi huo unamaanisha kwamba ulimwengu una mwisho?

Mchangiaji wa kwanza: Sioni fumbo hapa. Nyota iliyo mbali hutufikishia nuru kidogo mno, na kati yake na sisi kuna vumbi linalozuia hata hicho kidogo.

Mchangiaji wa pili: Ndugu yangu, hesabu inakataa. Chukua nyota zilizo umbali wa miaka ya nuru 1,000, kisha zilizo umbali wa 2,000, katika matabaka mawili yenye unene sawa. Kila nyota ya tabaka la pili hutupatia robo tu ya nuru, lakini tabaka hilo lina nyota mara nne, kwa hiyo jumla ya nuru ni ileile. Ndivyo ilivyo kwa tabaka la tatu, na hata la milioni. Ulimwengu ungekuwa hauna mpaka wala mwanzo, popote ambapo ungeelekeza macho ungekutana na uso wa nyota fulani, na anga zima lingewaka kama uso wa jua. Kwa kuwa jua hufunika takriban sehemu moja katika laki moja ya anga tunaloliona, tungemulikwa na majua kama laki moja, usiku na mchana.

Vumbi halituokoi, ingawa mwanaastronomia Heinrich Olbers, ambaye fumbo hili limepewa jina lake, aliegemea maelezo ya aina hiyo mwaka 1823. Kitu kinachomeza nuru bila kukoma hupata joto, na hatimaye nacho hung'aa.

Mchangiaji wa tatu: Mimi naishi mjini na nyota ninazoziona ni chache mno, ila nikitoka mbali na taa anga hujaa. Nadhani tatizo ni taa zetu.

Mchangiaji wa pili: Taa hizo hulifanya anga liwe na mwanga zaidi, ndiyo maana nyota hafifu hufifia ndani yake. Tunachouliza ni kuhusu nafasi nyeusi zilizo kati ya nyota, ambazo hubaki nyeusi hata mahali pasipo na taa hata moja.

Mchangiaji wa nne: Jibu lilipatikana zamani: ulimwengu unatanuka. Nuru ya galaksi za mbali hurefuka mawimbi njiani na kupungua nguvu, mpaka inatoka nje ya uwezo wa macho yetu. Hakuna haja ya kutafuta sababu nyingine.

Mchangiaji wa pili: Kutanuka kunachangia, lakini kwa nuru ya nyota si sababu kuu. Mwanaastronomia Edward Harrison alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba, kwa jinsi nyota zilivyo adimu angani, ili kila mstari wa macho ufike kwenye nyota tungehitaji kuona hadi umbali wa miaka ya nuru ambayo ni 1 ikifuatwa na sufuri 23. Ulimwengu una umri wa takriban miaka bilioni 13.8 tu, na nuru ya mbali kiasi hicho haijapata muda wa kutufikia. Hata ingepata muda, nyota kama jua huzimika baada ya takriban miaka bilioni 10. Nishati yenyewe haitoshi: maada yote ingegeuzwa kuwa mnururisho, halijoto ya anga isingepita sana nyuzi 20 juu ya sifuri halisi, yaani baridi kali kuliko zote ziwezekanazo. Kwa maoni yangu hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, maana inasimama hata tukiusahau mtanuko.

Mchangiaji wa nne: Lakini nadharia ya ulimwengu usiobadilika, iliyotolewa mwaka 1948, haikuwa na mwanzo, na bado usiku wake ulikuwa mweusi kwa sababu ya mtanuko peke yake. Isitoshe, kuna mnururisho wa Mlipuko Mkuu, yaani nuru iliyobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga na wa moto, ambayo mtanuko umeifanya isionekane.

Mchangiaji wa pili: Kwa hilo la mnururisho nakubaliana nawe kabisa. Kila mstari wa macho unaopita kati ya nyota na galaksi huishia kwenye gesi iliyokuwa na joto la kelvini 3,000 hivi, yaani nyuzi 3,000 juu ya sifuri halisi, wakati ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000. Mtanuko umerefusha mawimbi ya nuru hiyo mara 1,100 hivi, na sasa tunaipokea ikiwa na kelvini 2.7, kwa antena badala ya macho. Nadharia uliyoitaja iliangushwa na ugunduzi huohuo, ndiyo maana siitumii kueleza anga hili tulilo nalo.

Muulizaji: Basi ulimwengu una mwisho au hauna?

Mchangiaji wa pili: Giza halisemi. Linatuambia kwamba nyota hazijawaka tangu milele. Kuhusu ukubwa, ulimwengu unaweza kuwa hauna mpaka na usiku ukabaki mweusi vilevile.

Mchangiaji wa nne: Mimi bado nasema bila mtanuko tungeungua.