EURUSD: kubadilika tabia nihesabu utambi ukikata, au nisubiri mshumaa ufunge?

Mwanagenzi_Langoni
Salaam jamaa. Chati ya H4 ilipanda hivi: bonde 1.0800, kilele 1.0880, bonde 1.0840, kilele 1.0920. Ikashuka hadi 1.0895, ikainuka kidogo, kisha utambi ukakata 1.0895. Kiashiria kikaandika CHoCH, yaani kubadilika tabia, nikauza, kinga ya hasara nikaiweka 1.0925. Bei ikafika 1.0868, ikageuka, ikanitoa. Sasa iko 1.0950. Ningesubiri mshumaa ufunge, au kilele cha chini zaidi?

Jahazi_Malindi
Kufunga ndiyo dawa, kaka. Utambi ni mtego. Mshumaa ukifunga chini ya bonde, mwelekeo umegeuka, uza.

AmiNahodha
Ngoja, mwanangu. Huyu bei yake ilifika 1.0868, kwa hiyo huenda mshumaa fulani ulifunga chini ya 1.0895, naye angeumia vilevile. Tatizo ni bonde alilochagua. Bonde linalolinda mpando ni lile ambalo bei iliondokea ikaenda kuvunja kilele cha 1.0880, yaani 1.0840. Hiyo 1.0895 ni kiwimbi tu, na mtu hajui kama maji yanakupwa kwa kutazama wimbi moja. 1.0868 ikageuka kuwa bonde jingine la juu, mpando ukaendelea.

Na hata mshumaa ukifunga chini ya 1.0840, hapo mpando umejeruhiwa, haujawa mshuko. Soko laweza kulala ubavu wiki nzima. Mimi hungoja bei ipande tena, ishindwe kabla ya 1.0920, ndipo nauza.

Jahazi_Malindi
Na isiporudi kupanda, ami?

AmiNahodha
Basi naikosa, na hutokea mara nyingi. Lakini piga hesabu. Ukiuza 1.0835 na kinga iko 1.0925, unahatarisha pipsi 90. Ukiuza 1.0875 baada ya bei kurudi, kinga palepale, ni pipsi 50.

Duka_Mkomani
Mimi nanunua dola za kuagizia bidhaa. Benki hunipa bei moja kila asubuhi. Nitaonaje utambi?

AmiNahodha
Huwezi, dada. Bei moja kwa siku ni mstari tu. Vilele na mabonde utaviona, tambi hapana.

Bint_Shela
Mnasema "kufunga", kufunga kwa saa ya nani? Nina broka wawili. Mmoja mshumaa wake wa H4 hufunga saa tano asubuhi kwa saa zetu, mwingine saa sita. Mwezi jana bonde moja lilivunjwa kwa mwili upande huu, upande wa pili ni utambi tu.

AmiNahodha
Hilo limenipata mimi pia. Nilichagua chati moja nikabaki nayo, ila sina hoja ya kusema ndiyo sahihi.

Mwanagenzi_Langoni
Nimerudi kwenye chati. Kilele kipya kimevunja 1.0920, kwa hiyo sasa natazama 1.0868, siyo 1.0840 tena?

AmiNahodha
Ndiyo, 1.0868. Na hicho kiashiria kizime kwanza.