Kamera ikiwa chini, ni lazima mhusika awe na nguvu?

Nuru ya Pazia: Nimekatwa alama kwenye uchambuzi wa filamu. Niliandika kwamba kamera iliyowekwa chini imemfanya Kane aonekane ameshindwa, katika lile onyesho la usiku wa uchaguzi kwenye Citizen Kane. Msahihishaji akaandika pembeni: "Kamera chini ni mamlaka, kamera juu ni unyonge." Hiyo ni kanuni kweli, au ni mazoea tu ya darasani?

Mwalimu Chaki: Ni kanuni, mwanangu, na ina sababu. Sote tulianza maisha tukiwatazama wakubwa kutoka chini. Mtu mzima akisimama mbele ya mtoto, mtoto anainua shingo. Kamera ikiinua shingo, mtazamaji anajikuta mdogo. Nimefundisha uchambuzi miaka mingi, na mwanafunzi asiyeanza na jedwali hilo la pembe za kamera na maana zake huishia kuandika "picha ni nzuri, inavutia". Kama uliona kushindwa, ulipaswa kutafuta ushahidi wake kwenye uigizaji au mwanga, si kwenye pembe.

Mkata Picha: Shikamoo Mwalimu. Kuhusu mtoto na mtu mzima nakubaliana nawe. Ila dada Nuru amechagua onyesho ambalo jedwali linakwama, na naona ameona sawasawa.

Mwongozaji Orson Welles na mpigapicha wake Gregg Toland walitoboa sakafu ya seti ili lenzi ishuke hadi karibu na vifundo vya miguu. Mwaka ni 1941, na seti nyingi za wakati huo hazikuwa na dari, kwa kuwa taa na maikrofoni zilining'inia juu. Kamera ikitazama juu, yote hayo yangeonekana. Kwa hiyo wakatandaza kitambaa kikawa dari, na maikrofoni zikajificha nyuma yake.

Sasa lisome onyesho lenyewe. Kane ameukosa ugavana. Ofisi ya kampeni ni tupu, karatasi zimetapakaa. Leland, rafiki yake wa siku nyingi, anaingia amelewa, anamwambia ukweli ambao hakuna mwingine angethubutu kuusema, kisha anaomba ahamishiwe Chicago. Kwa pembe ile Kane ni jitu, miguu yake kama nguzo. Lakini dari imemkalia kichwani. Anatembea, anageuka, na kila aendako dari iko palepale. Kamera nayo inabaki chini muda mrefu, haikimbilii uso wa mtu ili ituambie tumhurumie. Tunachoona ni mtu mkubwa ambaye ukubwa wake umekosa mahali pa kufanyia kazi. Pembe ya chini ndiyo iliyoileta dari ndani ya fremu. Ungeinua kamera hadi usawa wa macho, dari ingetoweka, na kule kubanwa kungetoweka nako.

Jicho la Tatu: Mnabishana bure. Kuleshov, yule mwongozaji wa Kisovieti, alishamaliza jambo hili. Alichukua uso mmoja usio na hisia, akaubandika kando ya bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Watu wakaona njaa, huzuni na tamaa kwenye uso uleule. Kwa hiyo pembe haina maana yoyote. Maana yote hutoka kwenye mkato, pale picha moja inapounganishwa na nyingine.

Mkata Picha: Ndugu yangu, nusu ya hilo nalichukua. Shoti hupata maana kutokana na jirani zake, na mimi ninayekaa mezani nikiunganisha picha naliona kila siku. Lakini filamu ile ya Kuleshov haipo tena, na hata masimulizi ya picha alizotumia hayalingani. Watafiti walioirudia mwaka 1992 hawakuyapata matokeo yale yanayosimuliwa. Waliofuata baadaye wakaona dalili zake. Halijamalizwa. Na hata tukimkubali Kuleshov kabisa, uso ule ulipigwa kwa karibu. Jaribu mtu huyohuyo akiwa nukta upande wa pili wa uwanja, uone kama supu itamtia njaa.

Fundi Video: Samahani kuingilia. Nilirekodi hotuba ya mgeni rasmi kwenye mahafali. Watu walikaa mbele yangu, nikasogea karibu na jukwaa nikaweka kamera chini. Wenye shughuli wakalalamika kwamba mgeni anaonekana ana majivuno. Je, nilipaswa kupanda juu?

Mkata Picha: Swali lako ni jingine, kaka, ila linasaidia. Hukuhitaji kupanda, ulihitaji kurudi nyuma. Kama lenzi ilikuwa sentimita 60 chini ya macho yake nawe uko mita 1, ulikuwa unamtazama kwa kiasi cha digrii 30. Unaona kidevu na matundu ya pua. Kimo hichohicho ukiwa mita 4, pembe inashuka chini ya digrii 10. Vuta kwa lenzi ndefu na uso unatulia. Kimo cha kamera na mwinamo wake ni mambo mawili. Mwongozaji Ozu wa Japani aliweka kamera chini karibu filamu nzima, pengine chini kuliko macho ya mtu aliyeketi mkekani, lakini mara nyingi bila kuiinua ielekee juu. Hakuna anayetoka kwenye filamu yake Tokyo Story akisema wale wazee wana mamlaka.

Mwalimu Chaki: Hilo la Ozu nalikubali. Lakini umenipa mifano ya chini tu. Nusu ya pili ya jedwali haijaguswa. Katika filamu ya Psycho yule mpelelezi anapopanda ngazi, kamera inaruka hadi darini, na sekunde chache baadaye anachomwa kisu. Huo si unyonge?

Mkata Picha: Ni mnyonge, naam. Lakini Mwalimu, katika shoti hiyohiyo muuaji anatoka chumbani na kisu, naye tunamwona kutoka juu vilevile. Pembe moja, watu wawili, mmoja anaua na mwingine anauawa. Jedwali litamwita nani mnyonge?

Hitchcock, mwongozaji wa Psycho, mwenyewe alieleza sababu. Alihitaji kuuficha uso wa muuaji bila mtazamaji kuhisi anafichwa, na kutoka darini unaona nywele na mabega tu. Sababu ya pili ni ya mezani: alitaka picha pana yenye watu wadogo, kisha akate ghafla kwenda kwenye uso mkubwa wa mpelelezi. Mshtuko umo katika kuruka kutoka udogo kwenda ukubwa. Ukiisoma shoti ya juu peke yake umeipoteza nusu yake.

Ndiyo maana kabla sijaandika neno juu ya pembe, naangalia shoti tatu za nyuma na tatu za mbele. Najiuliza kamera ilikuwa wapi, na ni macho ya nani. Kama filamu imekaa chini tangu mwanzo, kuwa chini si habari tena; habari ni pale itakapoinuka.

Nuru ya Pazia: Asante sana. Nikate rufaa?

Mwalimu Chaki: Kata, lakini andika dari. Kwenye karatasi yako uliitaja?

Nuru ya Pazia: Hapana. Niliandika tu kwamba anaonekana ameshindwa.

Mwalimu Chaki: Basi hata mimi ningekukata. Jibu lako lilikuwa sahihi bila ushahidi.

Mkata Picha: Akatwe kwa kukosa ushahidi, sawa. Ila si kwa sababu iliyoandikwa pembeni, Mwalimu. Hapo bado sijakubali.