Naomba ushauri: nimezaliwa tarehe 10 Februari 1988, kwa Wachina mimi ni Joka au Sungura?

Mpemba wa Guangzhou

Wakuu, salaam kwenu. Niko Guangzhou kikazi, na mchumba wangu ni mwenyeji wa Henan, huko kaskazini kidogo. Mambo yetu yamefika pazuri, wazee wa kwao wamekubali tuonane. Sasa mama yake ameomba mnyama wangu wa mwaka pamoja na tarehe ya kuzaliwa ili watazame kama nyota zetu zinaendana. Mchumba mwenyewe ni wa Mei 1993, hana utata, yeye ni Jogoo.

Kwangu ndiko kuna shida. Nimezaliwa tarehe 10 Februari 1988. Nimefungua tovuti nne na zote zinasema 1988 ni Joka. Shemeji yangu mtarajiwa kasikia, kacheka, kaniambia "wewe ni Sungura, tena bora usimwambie mama." Nimefuatilia nikaelewa kwa nini: Sungura na Jogoo wanahesabiwa kama mahasimu wanaotazamana uso kwa uso. Joka na Jogoo ndiyo kabisa, wanafungamana.

Naomba mwenye ujuzi anieleze ukweli uko wapi. Bado sijampa mama jibu lolote.

Dogo Ilala

Mkuu unajitafutia presha. Mwaka 1988 ni Joka, imeandikwa kila mahali, hata kwenye zile karatasi za kuwekea sahani kwenye migahawa ya Wachina. Mwambie Joka, lete mahari, tule pilau.

Nahodha Mstaafu

Dogo, hizo karatasi za sahani ndizo zinazowapoteza watu. Zimeandika mwaka mtupu, kana kwamba Mchina naye anaanza mwaka tarehe 1 Januari. Mwaka wao wa mnyama unaanza siku ya sikukuu yao ya mwaka mpya, na sikukuu hiyo mwaka 1988 iliangukia tarehe 17 Februari. Ndugu yetu amezaliwa wiki moja kabla, kwa hiyo alizaliwa ndani ya mwaka ulioanza tarehe 29 Januari 1987, yaani mwaka wa Sungura. Shemeji yuko sahihi.

Kuhusu tovuti, nyingi zinachukua mwaka, zinaugawa kwa 12, kisha zinatazama baki. 1988 ukiigawa inabaki 8, na 8 ni Joka, basi. Mwezi na siku ulivyojaza havitumiki popote. Kuijaribu tovuti ni rahisi: jaza tarehe 5 Januari 1988, halafu jaza tarehe 5 Desemba 1988. Ikikupa Joka mara zote mbili, achana nayo, kwa sababu hakuna mtu wa tarehe 5 Januari aliye mnyama wa mwaka huo, mwaka wowote ule.

Binti wa Makorora

Samahani naomba niulize hapa hapa. Mimi nyota yangu ni Mbuzi, tarehe 10 Januari 1988. Huwa nasoma kwamba Mbuzi na Sungura wanaelewana sana. Ina maana mimi na mleta mada tungefaana? 😂

Nahodha Mstaafu

Dada, hiyo Mbuzi yako ni ya falaki, ile ya kina Ndoo na Mashuke, inakwenda kwa mwezi uliozaliwa. Ya Wachina inakwenda kwa mwaka mzima, na Mbuzi wao ni mwingine kabisa. Kwa hesabu yao wewe pia ni Sungura wa 1987, sawasawa na mleta mada.

Ustadh Mahesabu

Nahodha kasema vizuri, niongezee kidogo. Mwaka wao unakwenda kwa mwezi kama huu wetu wa Hijria. Miezi kumi na miwili ni siku 354, kwa hiyo kila mwaka sikukuu yao inarudi nyuma kama siku kumi na moja, vilevile Ramadhani inavyorudi. Kwa hiyo ukiijua tarehe ya mwaka mmoja unatoa kumi na moja tu na kuendelea. 1988 ni tarehe 17 Februari, 1989 ni tarehe 6 Februari. Hesabu imekaa.

Nahodha Mstaafu

Ustadh, hapo umekwenda vizuri miaka miwili, endelea na wa nne. 1990 ilikuwa tarehe 27 Januari, bado uko sawa. 1991 kwa hesabu yako ingekuwa katikati ya Januari, lakini ilikuwa tarehe 15 Februari. Imeruka mbele.

Tofauti na Hijria ni kwamba Wachina hawakubali mwaka wao uyahame majira. Kila zile siku kumi na moja zikirundikana karibu kufika mwezi mzima, wanachomeka mwezi wa kumi na tatu. Mwaka 1990 ulipata mwezi huo wa ziada, ndiyo maana wa 1991 ukachelewa. Hivyo sikukuu inayumba ndani ya dirisha moja tu: kwa mtu yeyote aliye hai leo, haikuwahi kuwa kabla ya tarehe 21 Januari wala baada ya tarehe 20 Februari. Uliyezaliwa kabla ya dirisha hilo, rudi mwaka mmoja nyuma bila kufikiri. Uliyezaliwa baada yake, chukua mwaka wako. Uliyezaliwa katikati yake ndiye unayetakiwa kutafuta jedwali, na hapo hakuna mkato. Kituo cha hali ya hewa cha Hong Kong kimeweka majedwali ya kubadilisha tarehe kuanzia 1901 hadi 2100, bure.

Na kingine, wao hawasubiri mtu auone mwezi mwandamo. Siku ya kwanza ya mwezi ni ile ambayo mwezi unapita sambamba na jua na hauonekani kabisa, na inapigiwa hesabu kwa saa za Beijing.

Mama Shamsa

Hiyo ya saa za Beijing imenigusa. Mimi nimezaliwa Mombasa tarehe 26 Januari 1990, saa tatu usiku, mama anakumbuka vizuri kwa sababu umeme ulikatika. Nahodha anasema mwaka wa Farasi ulianza tarehe 27. Lakini saa tatu usiku Mombasa, China ni saa nane ya usiku, tarehe 27 imeshaingia. Sasa mimi ni Nyoka wa 1989 au Farasi?

Nahodha Mstaafu

Mama Shamsa, wewe uko pale pale kwenye mshono. Wachina wengi niliokaa nao wangechukua tarehe iliyoandikwa kwenye cheti chako, yaani 26, na kukuita Nyoka. Hoja yao ni kwamba siku ni ya mahali ulipozaliwa.

Ustadh Mahesabu

Mimi sikubali. Kama kalenda inahesabiwa kwa saa za Beijing, basi mwaka ulianza Beijing usiku wa manane, na mtoto huyu akazaliwa saa mbili baadaye. Ni Farasi.

Mama Shamsa

Haya, nitakuwa Nyoka mwenye kwato.

Fundi Chimwaga

Mimi nimefanya kazi miaka mingi na wakandarasi wa Kichina Dodoma, na nina neno ambalo Nahodha hajaligusa. Kuna Wachina wawili tofauti hapa. Yule wa mtaani mnyama wake ni wa sikukuu, kama mlivyosema. Lakini mtaalamu wa kupiga nyota, yule anayeandika nguzo nne za mwaka, mwezi, siku na saa, hatumii sikukuu. Wengi wao wanabadilisha mwaka siku ya Lichun, mwanzo wa majira ya kuchipua, ambayo inakwenda kwa jua na huangukia tarehe 4 Februari au karibu yake. Mwaka 1988 ilikuwa tarehe 4.

Sasa mtazameni mleta mada: tarehe 10 Februari. Lichun imeshapita, sikukuu bado. Kwa jirani ni Sungura, kwa mpiga nyota ni Joka. Kwa hiyo Dogo Ilala kafika kwenye jibu la mpiga nyota bila kujua njia aliyopitia.

Dogo Ilala

Nilisema mimi! Joka!

Nahodha Mstaafu

Fundi yuko sahihi, na hilo linabadilisha swali. Mpemba, swali siyo tena "mimi ni nani", ni "mama mkwe anatazama kwa njia gani". Kama ataishia kwenye wanyama tu, wewe ni Sungura. Kama atapeleka kwa mtaalamu kulinganisha nguzo za wote wawili, usimpe mnyama kabisa. Mpe tarehe kamili, saa na mji, mtaalamu atajua mwenyewe. Na kwa mtaalamu mnyama wa mwaka ni kipande kimoja kati ya vinane, siku uliyozaliwa ndiyo anayoitazama zaidi.

Ila usimwambie "mimi ni Joka" kienyeji. Mama wa Henan mwenye umri huo ataigeuza tarehe yako kwenye kalenda yao kabla chai haijapoa. Nimeigeuza: mwezi wao wa kumi na mbili ulianza tarehe 19 Januari 1988, kwa hiyo tarehe 10 Februari ilikuwa siku ya 23. Kaskazini kule siku ya 23 ya mwezi wa mwisho ndiyo mwaka mpya mdogo, siku wanayomuaga mungu wa jikoni na kumpaka kitu kitamu mdomoni ili akasimulie mema juu ya nyumba yao. Hakuna mama wa huko atakayekubali kwamba mtu wa siku hiyo ni wa mwaka unaofuata.

Binti wa Makorora

Sasa kwani lazima aseme ukweli wote? Aseme Joka kwa Lichun, siyo uongo.

Fundi Chimwaga

Siyo uongo, lakini akiulizwa swali la mtaani akajibu jibu la mpiga nyota kwa sababu linamfaa, atakuwa amechagua hesabu baada ya kuona matokeo. Bosi wangu mmoja alikuwa na utata kama huu. Mwaka wa mnyama wako kwao ni mwaka wa kujihadhari, mtu anavaa mkanda mwekundu au soksi nyekundu. Yule alivaa miaka miwili mfululizo kumaliza ubishi.

Mpemba wa Guangzhou

Wakuu ahsanteni. Mchumba kampigia mama yake jana, akamsomea tarehe bila kutaja mnyama. Mama hakusema Joka wala Sungura. Kasema "ishirini na tatu, siku ya peremende," kisha akauliza nilizaliwa saa ngapi. Kadi yangu ya kliniki haina saa. Bimkubwa anasema ni baada ya adhana ya alfajiri, jua bado, Wete. Je, niwape saa ya kwetu au niibadilishe kuwa ya China?

Ustadh Mahesabu

Ibadilishe.

Fundi Chimwaga

Usiibadilishe. Wape ya Wete, na uwaandikie kwamba ni ya Wete.